Muhtasari wa kikao cha wataalamu: azimio, mhusika na tarehe

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa Dodoma, na nimeteuliwa kuwa katibu wa kikao cha kila Jumanne cha wataalamu wanaojadili wagonjwa wenye vidonda vya kisukari. Naandika anachosema kila mjumbe, muhtasari unafika kurasa tisa, na bado wiki inayofuata tunaulizana nani alipaswa kufanya nini. Nikipunguza, naogopa daktari bingwa ataniambia nimeacha hoja yake. Niandike nini, niache nini?*

Marahaba. Naanza na wasomaji wako, kwa sababu ndio watakaokuamulia urefu wa muhtasari. Muuguzi wa zamu ya usiku, daktari mtarajali aliyehamishiwa wodini kwenu wiki hii na afisa ustawi wa jamii aliyekuwa na udhuru siku ya kikao watafungua karatasi yako wakitaka kujua mgonjwa huyu ameamuliwa nini, nani anafanya, na lini. Jibu likiwa limefichwa katikati ya ukurasa wa sita, watapiga simu kuuliza, au watafanya kile wanachodhani kiliamuliwa.

Mtindo unaoutumia umetoka kwenye vikao vya utawala, na huko una sababu zake. Katika baraza la madiwani, hoja ya mjumbe huandikwa kwa kuwa waliomchagua wana haki ya kujua alisimamia nini. Daktari bingwa wa upasuaji katika kikao chenu hawakilishi kata. Ameleta utaalamu wake ili uchanganywe na wa wenzake hadi upatikane uamuzi mmoja, na ukishapatikana, uamuzi huo ni wa timu nzima. Kwa hiyo vichwa vya kawaida vya muhtasari, yaani tarehe, mahali, waliohudhuria, wasiohudhuria na yatokanayo, vibaki kama ulivyofundishwa. Kinachobadilika ni kile unachoandika chini ya jina la kila mgonjwa.

Orodha ya mahudhurio usiipunguze hata kidogo, na mbele ya kila jina andika kada ya mjumbe. Uamuzi kuhusu kukata kiungo uliofikiwa bila daktari wa upasuaji kuwepo ni pendekezo tu, na anayesoma baadaye atalitambua hilo kwa kutazama orodha ya waliokuwa chumbani.

Sasa tuchukue mgonjwa mmoja wa mfano, niliyemuunda kwa ajili ya maelezo haya. Ni mwanamume wa miaka 58, mkulima kutoka Wilaya ya Mpwapwa, mwenye kisukari cha aina ya pili na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia kilichoingia wiki ya sita. Anajadiliwa Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025. Picha ya eksirei inatia shaka kwamba mfupa wa kidole umeshambuliwa. Daktari wa upasuaji anapendekeza kidole kikatwe Ijumaa. Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani anasita, kwa kuwa mapigo ya damu mguuni hayasikiki vizuri kwa vidole na mtiririko wa damu haujapimwa; damu ikiwa haifiki, jeraha la kukatwa nalo halitapona. Mfamasia anakumbusha kwamba mgonjwa ameanzishiwa jentamaisini huku kreatinini ikiwa juu, na dawa hiyo huweza kuziumiza figo zaidi. Muuguzi kiongozi wa wodi anasema mgonjwa amekubali kusafishwa kidonda, lakini hataki kukatwa kidole kabla ya kuzungumza na kaka yake atakayefika Jumamosi, na kwamba hana bima. Mtaalamu wa fiziotherapia anaeleza kuwa mgonjwa bado anaukanyagia mguu huo anapokwenda chooni.

Katibu mwenye mkono mwepesi angeyageuza mazungumzo hayo kuwa aya kama hii, ambayo nimeikuta kwa sura tofauti tofauti katika mihtasari mingi niliyopewa kuipitia:

*"Daktari wa upasuaji alieleza kuwa hali ya kidonda si nzuri na kwamba kidole kinahitaji kukatwa. Daktari wa magonjwa ya ndani alichangia kuwa ni vema mtiririko wa damu ukaangaliwa kwanza. Mfamasia alitoa tahadhari kuhusu dawa. Wajumbe walijadili kwa kina na baada ya majadiliano marefu ilikubaliwa kuwa mgonjwa aendelee kufuatiliwa kwa karibu, vipimo vifanyike mapema iwezekanavyo na wodi ihakikishe kuwa suala la gharama linafanyiwa kazi."*

Kila sentensi hapo ni kweli, na bado hakuna anayeweza kuifanyia kazi. Kidole kinakatwa au hakikatwi? Jentamaisini imesimamishwa, au tahadhari ilitolewa tu ikaishia hewani? Vipimo ni vipi? "Wodi" haina mikono. Ina watu wa zamu tatu, na kila mmoja anaweza kuamini kwa nia njema kabisa kwamba mwenzake analishughulikia. "Kufuatiliwa kwa karibu" ni maneno ambayo ningeyapiga marufuku katika vikao vya namna hii, kwa sababu yanampa kila aliyekuwepo hisia kwamba jambo limeamuliwa. Ukiona umeyaandika, uliza papo hapo: nani atamwangalia, mara ngapi kwa siku, na akiona nini afanye nini?

Kikao hicho hicho kingeweza kuandikwa hivi. Mahali pa namba ya jalada nimeacha wazi, namba kama 1/5-8 maana yake ni azimio la kwanza la kikao cha tarehe 5 mwezi wa 8, na kwa wahusika nimetaja kada peke yake, lakini katika muhtasari wako kada ifuatane na jina.

Mgonjwa: jalada Na. ……

Uamuzi: Kidole hakitakatwa wiki hii. Kidonda kitasafishwa katika chumba cha upasuaji na kipande cha mfupa kitachukuliwa kwa ajili ya kuotesha vimelea. Suala la kukata kidole litaamuliwa katika kikao cha Jumanne, 12 Agosti 2025.

Sababu: Mtiririko wa damu mguuni haujapimwa. Mgonjwa ameridhia kusafishwa kidonda, lakini ameomba kuzungumza na kaka yake kabla ya kuamua kuhusu kidole.

Sharti: Joto la mwili likifika nyuzi 38, wekundu ukipanda juu ya kifundo cha mguu, au ngozi ya kidole ikigeuka nyeusi, muuguzi wa zamu amwite daktari wa upasuaji wa zamu wakati huo huo bila kusubiri kikao. Joto na mguu vikaguliwe kila baada ya saa 6.

Azimio 1/5-8: Kusimamisha jentamaisini na kuandika dawa nyingine inayofaa kwa hali ya figo, baada ya kushauriana na mfamasia. Mhusika: daktari wa wodi. Muda: leo, 5 Agosti, kabla ya dozi ya saa 12:00 jioni (18:00).

Azimio 2/5-8: Kupima mtiririko wa damu katika miguu yote miwili kwa kifaa cha dopla na kuandika matokeo kwenye jalada. Mhusika: daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Muda: Jumatano, 6 Agosti, saa 6:00 mchana (12:00).

Azimio 3/5-8: Kusafisha kidonda, kuchukua kipande cha mfupa na kuhakikisha kinafika maabara siku hiyo hiyo. Mhusika: daktari bingwa wa upasuaji. Muda: Alhamisi, 7 Agosti, saa 3:00 asubuhi (09:00).

Azimio 4/5-8: Kuchukua majibu ya maabara, hata kama ni ya awali, na kumwonyesha daktari wa upasuaji. Mhusika: daktari mtarajali wa wodi, akihamishwa, daktari wa wodi. Muda: Jumatatu, 11 Agosti, saa 8:00 mchana (14:00).

Azimio 5/5-8: Kumpatia mgonjwa magongo na kumfundisha kutoukanyagia mguu wa kulia. Mhusika: mtaalamu wa fiziotherapia. Muda: leo, 5 Agosti, saa 9:30 alasiri (15:30).

Azimio 6/5-8: Kutathmini uwezo wa mgonjwa kulipia huduma na kuwasilisha maombi ya msamaha ikiwa anastahili. Mhusika: afisa ustawi wa jamii, ambaye hakuwepo, muuguzi kiongozi wa wodi atamfikishia azimio leo kabla ya saa 9:30 alasiri. Muda: Jumatatu, 11 Agosti, saa 6:00 mchana (12:00).

Azimio 7/5-8: Kuzungumza na mgonjwa pamoja na kaka yake kuhusu kukatwa na kutokukatwa kidole, na kuandika alichoamua mgonjwa. Mhusika: daktari wa zamu ya Jumamosi. Muda: Jumamosi, 9 Agosti, saa 4:00 asubuhi (10:00).

Hoja ya daktari wa magonjwa ya ndani haikupotea, imekuwa sababu ya uamuzi. Tahadhari ya mfamasia imegeuka azimio la kwanza, tena la kutekelezwa siku hiyo hiyo. Kauli ya muuguzi kiongozi ipo katika sababu na katika maazimio mawili ya mwisho. Kilichoondoka ni nani alitangulia kusema na nani alimjibu, na hicho hakuna atakayekikosa.

Sitaki hata hivyo uondoke na imani kwamba majadiliano yote ni ya kutupwa. Kabla ya kufuta sentensi, jiulize: mtu ambaye hakuwepo, akisoma muhtasari usio na sentensi hii, anaweza kufanya jambo lisilofaa? Ukifuta "mtiririko wa damu haujapimwa", daktari mgeni anaweza kudhani timu imekataa kukata kidole moja kwa moja, wakati imeahirisha tu mpaka kipimo kipatikane. Basi sentensi hiyo inabaki. Ukifuta maelezo ya daktari wa upasuaji kuhusu wagonjwa wengine aliowahi kuwatibu kwa hali kama hii, hakuna kitakachoharibika. Yaende. Kwa kipimo hicho utajikuta unabakiza sababu ya uamuzi kwa sentensi moja au mbili, matakwa ya mgonjwa, taarifa iliyokuwa ikikosekana, na sharti linaloweza kuubadilisha uamuzi kabla ya kikao kijacho.

Sharti ndilo linalosahaulika zaidi. Wataalamu wakishakubaliana kusubiri, huwa kichwani mwao wanajua watakachofanya hali ikibadilika, kwa hiyo hawaoni haja ya kulisema. Muuguzi wa saa 8 usiku hayumo vichwani mwao. Uamuzi wowote wenye neno "kusubiri", "kuahirisha" au "kuendelea na tiba ya sasa" uufuatishe na swali: tukiona nini hatusubiri tena? Jibu utakalopewa liandikwe kwa alama zinazopimika au zinazoonekana kwa macho. "Hali ikiwa mbaya" haipimiki. Joto la nyuzi 38 linapimika.

Kuhusu hofu yako juu ya daktari bingwa, kuna jambo ambalo ni haki yake kabisa. Ikiwa hakubaliani na uamuzi wa timu na anataka ijulikane, andika: "Daktari bingwa wa upasuaji aliomba iandikwe kwamba angependelea kidole kikatwe wiki hii kwa hofu ya maambukizi kupanda." Sentensi moja inatosha, iwekwe baada ya sababu, bila vivumishi na bila majibu ya wenzake. Hiyo huandikwa kwa ombi lake au kwa maelekezo ya mwenyekiti. Mjumbe aliyetoa maoni tofauti kisha akakubaliana na wenzake hana pingamizi, na kumwandikia pingamizi ni kumsingizia.

Mhusika ana kanuni moja ambayo naiomba uishikilie hata ukitazamwa vibaya: azimio moja, mtu mmoja. Tazama azimio la kwanza. Daktari wa wodi na mfamasia wote wana kazi hapo, lakini nimemweka daktari kuwa mhusika na kumtaja mfamasia ndani ya kazi yenyewe. Ningeandika "daktari wa wodi na mfamasia", daktari angesubiri ushauri, mfamasia angesubiri kuulizwa, na dozi ya jioni ingetolewa kama kawaida. Kazi ikiwa kweli ni ya watu wawili, mara nyingi ni kazi mbili, na zinastahili namba mbili.

Asiyekuwepo kikaoni ni mtego mwingine. Ni rahisi sana kumpa kazi mtu ambaye hayupo kukataa, na mwenyewe akaja kuijua wiki inayofuata anapoulizwa kwa nini hakuifanya. Ndiyo maana azimio la sita lina watu wawili kwa nafasi tofauti: afisa ustawi wa jamii ndiye mhusika, na muuguzi kiongozi, aliyekuwepo na aliyekubali, ana wajibu wa kumfikishia kwa saa iliyotajwa. Kwa madaktari watarajali, ambao huzunguka kutoka idara moja hadi nyingine, andika tangu mwanzo nani atarithi kazi endapo zamu yao idarani itaisha. Kwa azimio la saba nilimweka daktari wa zamu ya Jumamosi kwa kuwa daktari wa wodi hatakuwepo siku hiyo. Katibu mwenye ratiba ya zamu mezani anaweza kuligundua hilo kabla kikao hakijafungwa, kwa hiyo ibebe kila Jumanne.

Katika muda ndipo penye makosa ambayo macho huyapita. "Mapema iwezekanavyo" tumeshaiona. Ubaya wa "ndani ya siku tatu" ni kwamba haisemi siku zinahesabiwa kuanzia lini wala kama mwisho wa wiki umo. Mfupa ukichukuliwa Alhamisi, siku tatu zinaishia Jumapili, na katikati yake kuna Ijumaa ya tarehe 8 Agosti, yaani Nane Nane, sikukuu ambayo hapa Dodoma inawavuta watu wengi kwenda Nzuguni na kuziacha ofisi na watu wachache. Daktari wa upasuaji alipotaja "Ijumaa" kikaoni hakuwa na kalenda mbele yake. Wewe uwe nayo, na sema: "Ijumaa ni Nane Nane, chumba cha upasuaji kitakuwa na watu wa dharura tu." Andika siku ya wiki pamoja na tarehe, vikigongana, kosa litaonekana mara moja, wakati tarehe peke yake inaweza kukosewa bila mtu kushtuka.

Saa nayo uitazame. Katika maongezi na katika mihtasari yetu tunahesabu saa za Kiswahili, lakini karatasi ya dawa na mfumo wa kompyuta vinatumia saa 24. Ukiandika "saa 4" bila neno la kufuata, mmoja atasoma saa 4 asubuhi na mwingine atasoma 04:00 ya alfajiri, na kati yao pana tofauti ya saa sita. Kwa hiyo andika "saa 4:00 asubuhi (10:00)" kila mara, hata kama inaonekana kama kumfundisha mtu mzima kusoma saa.

Pia tarehe ya mwisho iwe ya kitu ambacho mhusika anaweza kukifanya. Daktari mtarajali hawezi kuamrisha vimelea viote haraka. Kuotesha kuna siku zake, na majibu kamili ya mfupa yanaweza kuchelewa kuliko kikao kijacho. Azimio la nne halimtaki alete majibu kamili Jumatatu. Linamtaka aende maabara Jumatatu kabla ya saa 8 mchana na achukue kilichopo. Hilo anaweza kulitimiza, na asipolitimiza hakutakuwa na ubishi juu ya sababu.

Sasa njia ya kuyapata hayo yote ukiwa ndani ya kikao, kwa kuwa najua katibu mara nyingi ndiye mdogo kwa cheo mezani. Usijaribu kuyatunga maazimio nyumbani usiku kutoka kwenye daftari lako; utajikuta unaamua wewe kile ambacho timu haikuamua. Mgonjwa mmoja anapomalizika, kabla jalada la pili halijafunguliwa, sema: "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujaendelea naomba nisome azimio ili nithibitishe." Kisha soma kwa mpangilio wa kazi, mtu, siku na saa. Pale ambapo hukusikia mhusika, soma hivyo hivyo kwa uwazi: "Kupima mtiririko wa damu, mhusika sijampata, muda sijaupata." Kimya kitakachofuata kitavunjwa na mtu atakayejitaja au atakayetajwa na mwenyekiti. Zungumza na mwenyekiti kabla ya kikao kijacho ili akuunge mkono. Akikuruhusu mara ya kwanza mbele ya wote, mara zinazofuata hutahitaji ujasiri wowote. Kusoma huku kunachukua chini ya dakika mbili kwa mgonjwa.

Kusoma papo hapo kunatatua tatizo jingine pia. Kwa utaratibu tuliouzoea, muhtasari huthibitishwa katika kikao kinachofuata, kisha mwenyekiti na katibu hutia saini. Lakini azimio la kwanza linatakiwa litekelezwe leo jioni, na haliwezi kungoja Jumanne ijayo lithibitishwe. Azimio lililosomwa na kukubaliwa mbele ya wajumbe linaanza kutekelezwa hapo hapo. Kinachothibitishwa wiki ijayo ni usahihi wa kumbukumbu. Ikibainika wakati huo kwamba uliandika vibaya, usiufute mstari wa zamani; uache usomeke, andika sahihisho chini yake pamoja na tarehe, na mwenyekiti atie saini.

Kikao kikiisha, peleka maazimio siku hiyo hiyo kabla ya saa 9:30 alasiri, ofisi zinapofungwa, hata kama sehemu nyingine za muhtasari hazijakamilika. Na hapa nakuomba usiuamini muhtasari kuliko unavyostahili. Muuguzi wa usiku husoma jalada la mgonjwa. Faili la vikao limefungiwa ofisini. Uamuzi, sharti na maazimio yanayomhusu mgonjwa lazima yaandikwe kwenye jalada lake, au kwenye mfumo wa kielektroniki ikiwa hospitali yenu inautumia, na daktari wa wodi aandike mwenyewe mabadiliko ya dawa kwenye karatasi ya dawa. Muhtasari unaosema jentamaisini isimamishwe hausimamishi jentamaisini.

Nina neno kuhusu kutuma mihtasari kwenye makundi ya WhatsApp, jambo ambalo limekuwa la kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Tumia namba ya jalada badala ya jina, acha kijiji na maelezo mengine yanayomtambulisha mtu, na tumia njia ambayo uongozi wa hospitali umeiruhusu. Kumkumbusha mtaalamu kazi yake kwa ujumbe mfupi, "Azimio 2/5-8, kesho saa 6:00 mchana (12:00)", hakuhitaji kutaja mgonjwa wala ugonjwa.

Mtindo huu una mipaka yake. Kikao cha kupitia vifo vya wajawazito na watoto wachanga, kikao cha malalamiko dhidi ya mtumishi, au kikao kinachohusu mtoto anayehisiwa kufanyiwa ukatili vina taratibu na fomu zake, na humo mfuatano wa matukio na maelezo ya watu huenda yakahitajika kwa kirefu. Usivikate kwa kisu hiki cha vidonda.

Yamebaki yatokanayo, ambayo katika vikao vingi husomwa haraka haraka na wajumbe wakaitikia. Yaweke mwanzoni, na usome namba baada ya namba. Kwa mgonjwa wetu, Jumanne ya tarehe 12 Agosti ingeweza kusomeka hivi: azimio 1/5-8 limetekelezwa 5 Agosti, saa 10:40 jioni. Azimio 2/5-8 limetekelezwa kwa kuchelewa, 7 Agosti asubuhi kabla ya kusafisha kidonda, kwa kuwa kifaa cha dopla kilikuwa idara nyingine. Matokeo yapo kwenye jalada. Azimio 4/5-8 limetekelezwa, majibu ni ya awali. Azimio 6/5-8 linaendelea.

Hilo la mwisho usilipokee hivyo. "Linaendelea" ni jibu halali ikiwa tu linafuatwa na kilichokwamisha, hatua inayofuata na tarehe mpya: "Maombi ya msamaha hayajawasilishwa kwa kuwa barua ya mtendaji wa kijiji haijafika, afisa ustawi wa jamii atampigia mtendaji leo na kuwasilisha maombi Alhamisi, 14 Agosti, saa 6:00 mchana (12:00)." Azimio libaki na namba yake ya zamani, 6/5-8, lisipewe namba mpya ya wiki hii, ili yeyote anayetazama aone lilizaliwa lini na limesogezwa mara ngapi. Likisogezwa mara ya pili, mwombe mwenyekiti aamue mbele ya wajumbe kama linabadilishiwa mhusika, linapelekwa kwa mganga mfawidhi, au linafutwa, na uandike alichoamua.